Jinsi ya kuondoa "mchapakazi mwenye kujituma" kwenye barua yako ya kuomba kazi

Mtu anayechambua barua za maombi ya kazi hazisomi kama gazeti. Anashika rundo, anaangalia nafasi inayoombwa, elimu na uzoefu, kisha anapitisha macho kwenye aya ya katikati akitafuta sababu ya kuiweka barua hiyo upande wa kuitwa. Nimeshika marundo hayo, na naweza kukuambia aya hiyo ya katikati inavyosomeka hata kabla sijaifungua: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Nina shauku kubwa na kazi hii. Nina uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano na wenzangu na hata bila kusimamiwa, katika mazingira yoyote na chini ya shinikizo."

Hakuna uongo hapo. Wengi walioandika hivyo ni wachapakazi kweli, na ndiyo maana jambo hili linaniuma. Mtu amefanya kazi nzuri miaka miwili au mitatu, halafu anaifunika kwa maneno yaleyale aliyoyaandika mwenzake ambaye hajafanya chochote. Msomaji hana namna ya kuwatofautisha, anarudi kuangalia vyeti tu.

Nitakuonyesha namna ya kuitambua misemo hiyo kwenye barua yako na cha kuweka mahali pake. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kijana anayeomba kazi ya kutunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Kazi hiyo nimeichagua kwa sababu ni ya kawaida, haina vyeo vya kujivunia, na watu wengi hudhani haina la kusimulia.

Hatua ya kwanza: weka alama, usirekebishe bado

Chapisha barua yako au inakili kwenye daftari, kisha chukua kalamu. Soma sentensi moja moja na kuipima kwa maswali mawili.

Swali la kwanza: je, mwombaji mwingine yeyote wa nafasi hii anaweza kuweka saini yake chini ya sentensi hii bila kudanganya? "Nimetunza stoo ya saruji na nondo kwenye duka la jumla Mwanza" si kila mtu anayeweza kuisaini. "Nina uzoefu wa kutosha katika fani hii" yeyote anaisaini. Ipige mstari.

Swali la pili: je, kuna mwombaji mwenye akili timamu anayeweza kuandika kinyume chake? Hakuna atakayeandika "mimi ni mvivu, si mwaminifu, na sipatani na wenzangu". Kama kinyume cha sentensi hakiandikiki, basi sentensi yenyewe haisemi kitu. Msomaji alishakuchukulia kuwa mwaminifu kabla hajafungua bahasha. Alichotaka ni kuona uaminifu wako ulionekana wapi.

Kama barua iko kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+F na utafute maneno haya moja baada ya jingine: "shauku", "kujituma", "mchapakazi", "mwaminifu", "ushirikiano", "uwezo wa", "shinikizo", "mwepesi", "ubunifu", "mchango", "nje ya boksi". Hili la "uwezo wa" ndilo linalojificha kuliko yote. Linapita kwa sababu linasikika kama habari, lakini "nina uwezo wa kuhesabu mzigo" ni dai kuhusu kesho, na "nilihesabu mzigo" ni jambo lililotokea. Ukikuta "nina uwezo wa" zaidi ya mara moja, ujue barua yako inaahidi zaidi kuliko inavyosimulia.

Kuna maneno ambayo hayapiti majaribio hayo mawili lakini hupaswi kuyagusa. Anwani yako upande wa kulia, anwani ya mwajiri, tarehe, mstari wa "YAH:", na "Wako mtiifu" au "Wako katika kazi" pale mwisho ni taratibu za barua rasmi kwetu. Kila mtu anaziandika na zinapaswa kuandikwa na kila mtu, kama salamu. Ukizitoa, utaonekana hujui barua rasmi. Vilevile sentensi ya kutaja tangazo ina kazi yake, ilimradi itaje kitu: "Rejea tangazo lenu la tarehe 4 Machi kuhusu nafasi ya Mtunza Stoo" inamsaidia karani kuiweka barua kwenye jalada sahihi. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" haimsaidii mtu, kwa kuwa kichwa cha habari tayari kiko hapo juu na ameshakiona.

Hatua ya pili: uliza nini kilitokea

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakishaambiwa neno limechoka, wanatafuta neno jipya lenye maana ileile. "Mchapakazi" linakuwa "mwenye bidii", "mwenye bidii" linakuwa "mwenye juhudi na maarifa", na barua inabaki palepale. Neno lililochoka haliponywi kwa neno jingine. Linaondolewa na tukio linakaa mahali pake.

Tukio unalipata kwa kujihoji, na ni rahisi zaidi ukihojiwa na mtu mwingine. Kijana wa mfano wetu alikuja kwangu na ile aya niliyoinukuu mwanzoni. Nikaanza na neno la kwanza lililokuwa na mstari.

"Umeandika mwaminifu. Mwaminifu kivipi?"

"Sijawahi kuchukua hata msumari, dada."

"Nakuamini. Ila huyu unayemwandikia hakujui. Tajiri wako alijuaje kama wewe ni mwaminifu?"

Akafikiri. "Funguo za stoo nilikuwa nakaa nazo mimi. Na kila Jumamosi tukishafunga tulikuwa tunahesabu mzigo, mimi na mhasibu, tunalinganisha na leja. Ikizidi au ikipungua tunaandika, tunasaini wote wawili."

"Nani aliweka utaratibu huo?"

"Kuhesabu kulikuwepo, lakini ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ikionekana imepungua mifuko mitano huwezi kujua ilipotea lini. Nikamwomba mhasibu tufanye kila wiki."

Angalia kilichotoka. Aliingia na neno "mwaminifu", akatoka na utaratibu wa kila wiki, mtu wa pili anayeshuhudia, saini mbili, na sababu ya kuupendekeza. Na bila kukusudia alishajibu pia "kushirikiana na wenzangu", kwa maana mhasibu ni mwenzake, na "kujituma", kwa maana hakuna aliyemwagiza. Tukio moja zuri mara nyingi hufuta misemo miwili au mitatu kwa pamoja, na ndiyo maana huhitaji kutafuta tukio jipya kwa kila msemo ulioufuta.

Nikaendelea. "Umeandika unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo gani?"

"Madereva wa saruji. Lori la tani 30 ni mifuko 600. Linafika jioni, mvua inatisha, dereva anataka usaini hati ya mzigo aondoke. Siku moja nilihesabu nikapata 594. Dereva akasema nimekosea. Nikahesabu tena naye akiwepo, ikawa 594 vilevile. Sikusaini mpaka alipoandika upungufu kwenye hati kwa mkono wake."

"Ikawaje?"

"Msambazaji alirudisha mifuko sita kwenye mzigo uliofuata."

Mtu huyu alikuwa na hadithi hiyo mkononi, akaandika "chini ya shinikizo".

Maswali niliyomuuliza ni machache na unaweza kujiuliza mwenyewe kwa kila msemo uliouwekea mstari. Nani mwingine aliona? Kabla yako hali ilikuwaje, na baada yako ikawaje? Ulifanya nini hasa kwa mikono yako, siku ipi au kila baada ya muda gani? Kiasi gani? Ukikwama, usitegemee kumbukumbu peke yake. Fungua leja au daftari la zamani. Pitia ujumbe wa simu kwenye kundi la kazini, kwa kuwa humo mna tarehe na maombi uliyoyatuma. Angalia barua za kukuongezea majukumu, na hati za makabidhiano ulizosaini.

Aliyetoka chuo juzi hujiona hana kitu, na hapo ndipo "mwepesi wa kujifunza" hujaa. Lakini ulikwenda fildi, na fildi ina daftari la kumbukumbu ulilojaza kila siku ili msimamizi asaini. Lifungue. Mwanafunzi wa uhasibu aliyefanya fildi halmashauri anaweza kukuta mle sentensi kama hii: "Nilipanga hati za malipo za miezi mitatu kwa namba na tarehe, nikakuta 11 hazina risiti za EFD, nikamkabidhi mhasibu orodha yake." Sentensi hiyo inaonyesha kwamba aliingia ofisini hajui kitu na baada ya wiki chache aliaminiwa na hati za malipo. Kujifunza kumeonekana bila kutajwa.

Hatua ya tatu: andika tukio kwa ufupi

Sentensi ya tukio huanza na kitendo kilichopita, si na sifa. Nilihesabu, nilipanga, nilikataa kusaini, nilipendekeza. Baada ya kitendo taja kitu chenyewe kwa jina lake la kazini: mifuko ya saruji, nondo za milimita 12, hati ya mzigo. Majina haya ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba umeshika kazi hiyo kweli. Mtu ambaye hajawahi kukaa stoo ataandika "bidhaa mbalimbali". Aliyekaa ataandika saruji na mabati, kwa sababu anajua yanatunzwa tofauti.

Kijana wetu alikuwa na jambo la tatu, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote, ila hakulitaja kabisa kwenye barua kwa sababu aliliona la kawaida. Saruji hunyonya unyevu. Ikipangwa moja kwa moja sakafuni au ikiegemezwa ukutani, mifuko ya chini na ya pembeni huganda, na ikikaa muda mrefu hupungua nguvu hata kama haijaganda. Alipoanza kazi alikuta saruji imepangwa sakafuni na mzigo mpya ukiwekwa mbele ya wa zamani, hivyo wa zamani ulibaki nyuma miezi. Aliomba mbao za kuinulia mzigo, akaacha nafasi kati ya mzigo na ukuta, na akawa anaandika tarehe ya kupokea kwa chaki kwenye kila safu ili uliotangulia kuingia utangulie kutoka. Leja ilionyesha msimu mmoja wa mvua duka lilitupa mifuko 41, na msimu uliofuata mifuko 6.

Hii ndiyo aya yake ilivyokuwa mwanzoni, nzima:

"Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Nina shauku kubwa na kazi ya utunzaji wa stoo na nina uzoefu wa kutosha katika fani hii. Nina uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano na wenzangu na hata bila kusimamiwa, katika mazingira yoyote na chini ya shinikizo. Naamini nitakuwa na mchango mkubwa katika kampuni yako."

Na hii ndiyo tuliyoimaliza nayo:

"Kwa miaka miwili iliyopita nimetunza stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, nikipokea na kutoa saruji, nondo na mabati. Nilipoanza, saruji ilikuwa inapangwa sakafuni. Niliomba mbao za kuinulia mzigo, nikautenga na ukuta, na kuandika tarehe ya kupokea kwenye kila safu ili mzigo wa zamani utoke kwanza. Mifuko iliyoganda ilipungua kutoka 41 msimu mmoja wa mvua hadi 6 msimu uliofuata. Nilipendekeza pia mzigo uhesabiwe kila Jumamosi badala ya mwisho wa mwezi. Mimi na mhasibu tunahesabu pamoja na kusaini tofauti yoyote siku hiyohiyo. Mzigo unaoingia nauhesabu mbele ya dereva kabla ya kusaini, na upungufu unaandikwa kwenye hati yake."

Ukizihesabu sifa, hakuna hata moja. Hajasema ni mwaminifu, hajasema ana shauku. Lakini mwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, ambaye kila mvua inaponyesha anawaza saruji yake, ataisoma sentensi ya tatu mara mbili. Kisa cha lori la mifuko 594 hatukukiweka chote. Tuliacha kanuni yake tu kwenye sentensi ya mwisho, na kisa chenyewe akabaki nacho kwa ajili ya usaili, kwa sababu barua ya ukurasa mmoja ina nafasi ya matukio mawili au matatu na si zaidi.

Hatua ya nne: rudi kwenye tangazo

Sasa utakutana na tatizo. Tangazo lenyewe limejaa misemo uliyotoka kuifuta: "Mwombaji awe mwaminifu, awe na uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano." Mwandishi wa tangazo naye alinakili mahali. Usimjibu kwa kuzirudisha sifa zote kwenye barua, wala usizipuuze, kwa sababu anayechambua anaweza kuwa na karatasi yenye sifa hizo anayoiwekea tiki. Chagua sifa moja au mbili ambazo tangazo limezipa uzito, zitaje kwa maneno ya tangazo mara moja, na tukio lifuate palepale: "Kuhusu kufanya kazi kwa ushirikiano, mimi na mhasibu tunahesabu mzigo pamoja kila Jumamosi…" Anayeweka tiki amepata neno lake, na anayetaka ushahidi ameupata.

Njia hii ina mipaka. Nafasi za serikali ya Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa kwenye Ajira Portal, na uchambuzi wa mwanzo huangalia kwanza kama una sifa za kitaaluma zilizotajwa na kama nyaraka zimekamilika. Baadaye huwa kuna usaili wa mchujo wa kuandika. Barua iliyoandikwa vizuri namna gani haiwezi kuziba cheti kinachokosekana, na barua isiyosainiwa inaweza kukutoa kabla haijasomwa. Huko andika barua fupi, sahihi, iliyosainiwa, yenye tukio moja. Hayo mengine yatunze kwa usaili wa mahojiano, ambako swali la "tueleze kuhusu wewe" hujibiwa na wengi kwa misemo ileile ya barua.

Faida kubwa iko kwenye kampuni binafsi, shule binafsi, hoteli, mashirika na biashara za watu, ambako mwenye uamuzi ndiye mara nyingi anayeisoma barua.

Hatua ya tano: pima upya ulichoandika

Tukio nalo linaweza kuchoka likiandikwa vibaya. Namba isiyo na mwanzo ni mfano mzuri. "Nilipunguza hasara kwa asilimia 85" inang'aa, lakini msomaji hajui asilimia 85 ya nini, na anayejua hesabu ataanza kushuku. "Kutoka mifuko 41 hadi 6" ni habari ileile takriban, na inaaminika kwa sababu mtu anaweza kuiona kwa macho. Kama huna namba iliyoandikwa mahali, usiitunge. Sema "karibu kila mzigo" au "kila Jumamosi", au taja kitendo bila namba. Namba ya kubuni huanguka kwenye usaili kwa swali moja tu: "Ulipimaje?"

Jihadhari pia na tukio linalomchafua mwajiri wako wa zamani. Kijana wetu angeweza kuandika "nilikuta wizi umekithiri stoo". Hata kama ni kweli, mwajiri mpya anajiuliza utaandika nini kumhusu yeye ukiondoka. Sema ulichofanya, si uovu ulioukuta. Vivyo hivyo usitaje bei alizonunulia tajiri wako wala majina ya wateja wake wakubwa. Hizo ni siri zake na si sifa zako.

Jambo la tatu ni tukio la kundi. Ukiandika "tulifanikisha" kila mahali, msomaji hakuoni. Ukiandika "nilifanikisha" kazi ya watu wanane, utaumbuka mdhamini wako akipigiwa simu. Tenganisha: mhasibu alikuwa anatunza leja, mimi nilikuwa nahesabu. Sentensi inayompa mwenzako sehemu yake inaonyesha ushirikiano kuliko neno "ushirikiano" lenyewe.

Mwanzo na mwisho wa barua

Aya ya kwanza haihitaji umri, kabila, hali ya ndoa wala "mimi ni Mtanzania", isipokuwa tangazo limeviomba. Vingi vya hivyo viko kwenye wasifu wako. Taja nafasi, ulipoiona, na jambo moja linalokuunganisha nayo: "Naomba nafasi ya Mtunza Stoo iliyotangazwa tarehe 4 Machi. Nimefanya kazi hiyohiyo kwa miaka miwili kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi." Yatosha.

Mwishoni ndipo unyenyekevu hufurika. "Nitashukuru sana endapo ombi langu litafikiriwa na kukubaliwa na ofisi yako tukufu, naahidi kufanya kazi kwa moyo wangu wote." Adabu ni nzuri na sikushauri uiondoe, sentensi moja ya shukrani ibaki. Lakini nafasi iliyobaki itumie kwa jambo ambalo mwajiri lazima alijue: unaweza kuanza lini. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo aliye kazini anaweza kuandika: "Nipo kazini kwa sasa na ninaweza kuanza baada ya notisi ya siku 28. Kwa usaili naweza kufika siku yoyote mkinijulisha siku mbili kabla." Sentensi hizo mbili zinamsaidia mwajiri kupanga, na pia zinamwambia kwamba hutamkimbia tajiri wako usiku.

Kabla hujaituma

Mpe barua mtu asiyejua kazi yako, mama mdogo au jirani, asome mara moja kisha aiweke chini. Muulize: "Unakumbuka nini?" Akikuambia "umesema unafanya kazi vizuri", rudi hatua ya pili. Akikuambia "uliinua saruji kwenye mbao ikaacha kuganda", barua iko tayari.

Halafu chukua karatasi nyingine na uandike kila sentensi ya tukio iliyobaki, na pembeni yake jina la mtu anayeweza kuithibitisha na mahali ushahidi ulipo: leja ya mwaka fulani, hati ya mzigo, mhasibu na namba yake ya simu. Mjulishe mhasibu huyo mapema kwamba anaweza kupigiwa. Sentensi ambayo pembeni yake umeshindwa kuandika chochote, itoe kwenye barua, hata kama aya itabaki na mistari minne. Karatasi hiyo usiitume. Nenda nayo kwenye usaili.